Umehamishia pasi, kufua na maji moto usiku, lakini bili haijashuka: tafuta chanzo hapa

Malalamiko haya nayasikia Nakuru, nayasikia Kisumu, na karibu kila mara huja kwa maneno yaleyale: "Tumeambiwa stima ya usiku ni nusu bei, tukaanza kufua saa tano usiku, na bado tokeni zinaisha." Kabla hujafungua hita wala kumwita fundi, jua kwanza kama akaunti yako ina bei inayobadilika kwa saa. Nyingi hazina, na hapo ndipo nusu ya malalamiko huishia.

Bei ya nusu kwa saa za usiku ilianza Kenya Desemba 2017, na ilitungwa kwa wateja wakubwa wa biashara na viwanda, wale ambao kwenye bili wamepewa herufi CI. Wa chini kabisa kati yao, CI1, anachukua stima ya volti 415 na kutumia zaidi ya yuniti 15,000 kwa mwezi. Saa zao za nafuu ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Jumamosi na sikukuu za kitaifa ni kuanzia saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi, kisha tena kuanzia saa nane mchana hadi usiku wa manane. Jumapili ni siku nzima. Sababu unaweza kuiona ukipita kwenye mitambo ya stima ya Olkaria, kaunti hiyohiyo ya Nakuru: mvuke wa ardhini hauna usiku wala mchana, lakini watu wakilala mahitaji hushuka, na mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzungusha chochote. Bei ya usiku ni njia ya kuuza kile ambacho kingepotea.

Mteja wa nyumbani yuko kwenye kundi DC, na kundi hilo halina saa. Yuniti ya saa tisa usiku na yuniti ya saa moja jioni bei yake ni moja.

Dalili: Niko nyumbani, nimehamisha kila kitu usiku, tokeni zinaisha vilevile

Chanzo ndicho hicho nilichotaja. Mita ya tokeni ya kawaida, ile yenye kibodi ndogo jikoni, huhesabu yuniti zinazopita na kuzipunguza kwenye salio. Haiweki matumizi ya mchana kando na ya usiku. Hata mita janja mpya inayotuma usomaji wake yenyewe haikupi bei ya usiku kwa sababu tu ni janja. Inaweza kugawa saa, ndiyo, lakini kugawa ni jambo moja na kutozwa kwa mgawanyo huo ni jambo lingine. Angalia bili au akaunti yako kwenye programu ya Kenya Power. Ikiwa kundi ni DC, acha kukesha na pasi.

Kinachobadilisha bei nyumbani ni jumla ya mwezi. Tangu Aprili 2023 kundi la nyumbani limegawanywa ngazi tatu: hadi yuniti 30, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Viwango vilivyoanza mwezi huo vilikuwa Sh 12.22, Sh 16.30 na Sh 20.97 kwa yuniti, kabla ya ada nyingine na kodi. Viwango vyenyewe husogea kadiri vinavyopitiwa, kwa hiyo vitumie kwa kuonea hesabu tu. Ngazi yako hutokana na wastani wa miezi mitatu, na ukishaangukia ngazi fulani, yuniti zako zote hutozwa bei ya ngazi hiyo, si zile zilizozidi peke yake.

Chukua nyumba ya watu wanne pale Section 58, Nakuru, inayotumia yuniti 112 kwa mwezi. Kwa viwango hivyo, 112 mara 20.97 ni takriban Sh 2,349. Wakishuka hadi 98, wanaingia ngazi ya kati: 98 mara 16.30 ni takriban Sh 1,597. Wamepunguza yuniti 14 na kuokoa zaidi ya Sh 750, kabla hata ya kodi. Ukihamisha yuniti hizohizo 14 usiku badala ya kuzipunguza, huokoi hata ndururu.

Hizo 14 zitatoka wapi? Karibu kila nyumba yenye bafu la hita ya papo hapo, ile inayofungwa kichwani mwa bomba la kuogea, zinatoka hapo. Hita ya kilowati 4.5 ikitumiwa dakika tano na kila mtu, watu wanne, mara moja kwa siku, ni yuniti 1.5 kwa siku, yaani 45 kwa mwezi. Punguza kuoga hadi dakika tatu na nusu na 45 zinashuka hadi 31 na kidogo. Nakuru kuna baridi asubuhi, najua, na hakuna anayependa kuharakishwa bafuni. Basi weka swichi ya hita kwenye kiwango cha kati badala ya cha juu. Hita nyingi zina viwango viwili au vitatu, na watu huacha cha juu mwaka mzima hata Februari. Pasi inafuata kwa mbali: ya wati 1,200 ikipigishwa saa moja mfululizo haifiki hata yuniti 1.2, kwa sababu hujizima na kujiwasha yenyewe. Ila pasi inayowashwa kila asubuhi kwa shati moja hupoteza joto la kuanzia kila siku. Piga nguo za wiki kwa mara moja.

Usitarajie nafuu mwezi huohuo. Ukitoka 112 kwenda 98, wastani wa mwezi wa kwanza ni 107.3, wa pili 102.7, na ni baada ya mwezi wa tatu tu ndipo wastani unafika 98. Wengi hukata tamaa mwezi wa pili, wakidhani mita imekorofisha.

Jambo moja zaidi linachanganya wanaonunua tokeni. Ukinunua Sh 500 mwezi huu ukapata yuniti chache kuliko mwezi uliopita, tazama ujumbe wa simu: gharama ya mafuta na ile ya fedha za kigeni zimeandikwa kando. Hizo hubadilika kila mwezi na hazihusiani na saa uliyofua.

Dalili: Pasi haishiki moto na maji ya bafu ni vuguvugu, hasa jioni

Hapa kuhamisha saa kunasaidia hata kama bei ni moja, na kwa watu wa magharibi pengine hii ndiyo sababu nzuri zaidi ya kuhama. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku kila mtu anapika, anatazama televisheni na anaoga, na mwisho wa laini ndefu volteji hushuka. Nguvu ya hita hufuata mraba wa volteji. Stima ya volti 240 ikishuka hadi 200, hita yako ya kilowati 4.5 inatoa takriban 3.1 tu. Maji ni vuguvugu, mtu anakaa bafuni muda mrefu zaidi akingoja joto, na ndipo yuniti zinapoongezeka.

Kuhakikisha, muombe fundi apime volteji kwenye soketi iliyo karibu na hita saa mbili usiku, hita ikiwa imewashwa, kisha apime tena saa tano usiku au alfajiri. Ikiwa jioni ni 205 na alfajiri ni 238, tatizo ni la laini: oga mapema au alfajiri, na umpe anayesambaza stima vipimo hivyo vyote viwili. Ikiwa volteji ni nzuri hita ikiwa imezimwa lakini inaanguka kwa volti 15 au zaidi mara tu unapoiwasha, saa zote, tatizo liko ndani ya nyumba: waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Shika kifuniko cha swichi ya hita baada ya dakika tano za kuoga. Kikiwa cha moto au kinanuka plastiki, zima, usioge tena mpaka kifunguliwe.

Dalili: Ni hoteli au dobi kubwa, tuna bei ya saa, lakini rejista ya usiku haipandi

Huku ndiko kwenye pesa. Mita janja ya mteja wa CI ina rejista kadhaa, yaani hesabu zinazowekwa kando kando, na kwenye kioo chake zinajitambulisha kwa namba. Ukibonyeza kitufe cha kupitia kurasa, kwa kawaida utaona hizi:

```
1.8.0   yuniti zote
1.8.1   yuniti za kiwango cha kwanza
1.8.2   yuniti za kiwango cha pili
0.9.1   saa ya mita
0.9.2   tarehe ya mita
```

Kiwango kipi ni cha usiku hutegemea jinsi mita ilivyopangwa, kwa hiyo usikisie. Soma zote tatu saa nne kasoro dakika usiku, kisha saa tano. Kati ya 1.8.1 na 1.8.2, ile iliyosogea katika hiyo saa moja ndiyo ya nafuu. Na 1.8.1 ukijumlisha na 1.8.2 zilingane na 1.8.0. Zisipolingana, labda kuna kiwango cha tatu, 1.8.3, ambacho hujakitazama.

Kumbuka pia kwamba mita ya mteja mkubwa mara nyingi haipitishi mkondo wote ndani yake. Inasoma kupitia vipunguza-mkondo, na namba ya kiooni huzidishwa kwa kigezo kilichoandikwa kwenye bili. Nimeona mameneja wakishangaa "tumetumia yuniti nne tu usiku mzima", kumbe ni nne mara arobaini.

Mfano: hoteli moja upande wa barabara ya Dunga, Kisumu. Kigezo chake ni 40. Wana matangi mawili ya maji moto ya lita 300 kila moja, hita za kilowati 6. Kupasha lita 300 kutoka nyuzi 25 hadi 60 huchukua takriban yuniti 12, yaani saa mbili za hita. Matangi mawili ni yuniti 24. Kabla ya kubadilisha chochote, rejista ya usiku ilikuwa ikipanda 4.3 kwa usiku, yaani yuniti 172. Wakafunga taima kwenye kila tangi, zikapangwa kuwaka saa tisa usiku na kuzima saa kumi na mbili asubuhi. Walitarajia 24 zaidi, ambazo kiooni ni 0.6, kwa hiyo rejista ingepaswa kupanda 4.9. Ilipanda 4.6.

Nusu kamili ya kilichotarajiwa ilikosekana, na nusu ya matangi mawili ni tangi moja. Hiyo ndiyo faida ya kujua unatarajia ngapi kabla ya kupima: namba yenyewe inakuelekeza pa kwenda. Walipofika kwenye tangi la pili, saa ya ukutani ilikuwa saba usiku, lakini duara la taima lilionyesha saa tatu usiku. Ilikuwa taima ya kuzunguka, isiyo na betri. Stima ilipotea kwa saa nne siku chache kabla, na kwa saa zote hizo duara lilisimama. Tangu hapo tangi hilo liliwaka saa moja asubuhi na kuzima saa nne, katikati ya bei kamili. Taima ya kwanza ilikuwa ya kielektroniki yenye betri, na kukatika kwa stima hakukuisumbua.

Kwa jinsi stima inavyopotea huku kwetu, taima ya duara kwa kazi hii ni hasara. Na kabla ya kuilaumu taima yoyote, angalia kijiti chake cha pembeni: kikiwa kwenye alama ya kuwaka daima, mipango yote ya saa haina kazi, na mfanyakazi mmoja aliyetaka maji moto saa nane mchana anaweza kukisukuma na kukisahau.

Ukaguzi wa taima uende pamoja na wa usalama. Hita ya kilowati 6 inavuta takriban ampea 25. Taima nyingi zimeandikwa ampea 16, na zile za kuchomeka kwenye soketi ni 13. Taima isibebe hita moja kwa moja. Iamuru kontakta, yaani swichi nzito inayowashwa kwa stima, na kontakta ndiyo ibebe hita. Ukiona taima imegeuka rangi ya kahawia pembeni mwa vituo vya waya, umeshachelewa kidogo.

Chanzo kingine cha rejista kutopanda ni maji yenyewe. Mashine za kufua zikianza saa tatu asubuhi na kumaliza tangi, hita itaamka tena hata kama ilipasha vizuri alfajiri, isipokuwa taima imeizuia. Na ikizuiwa, maji ya pili yatakuwa baridi. Kwa hiyo ufuaji ndio unaopaswa kuhama kwanza, na taima ifuate. Zamu ya saa kumi alfajiri inatosha: mashuka yanafuliwa kwa maji yaliyopashwa kwa nusu bei, na kufikia saa mbili yako kwenye kamba. Jua la Kisumu linakausha bure, na mashine ya kukausha haina sababu ya kuwashwa isipokuwa siku ya mvua.

Pasi ndiyo ngumu, maana pasi ya rola inahitaji watu wawili macho. Wengi hudhani lazima wakeshe. Hawajatazama saa za Jumamosi na Jumapili. Rola ya kilowati 18 ambayo hita zake huwaka zaidi kidogo ya nusu ya muda hutumia takriban yuniti 10 kwa saa. Saa sita Jumamosi baada ya saa nane mchana, na saa sita Jumapili, ni yuniti 120 kwa wiki, sawa na matangi yote mawili kwa siku tano za kazi, na hakuna aliyekosa usingizi. Hoteli yenye wageni wa semina, wanaoondoka Ijumaa, ina mashuka mengi hasa wakati huo. Yaache yabaki na unyevu kidogo kwenye kamba. Yakikauka kabisa itabidi yanyunyiziwe maji, na rola itatumia stima kuyafukiza tena.

Dalili: Rejista ya usiku imepanda, bili bado ni ileile

Tafuta kwenye bili mstari wa yuniti za kiwango cha chini. Ukikuta sifuri ilhali rejista inasema vingine, kuna jambo moja la kuuliza kabla ya mengine yote: kiwango cha msingi. Punguzo hili halikutungwa kumzawadia anayehamisha tu. Lilitungwa kumvutia mteja atumie zaidi, ndiyo maana kila mteja ana kiwango, kinachotokana na matumizi yake ya nyuma, ambacho lazima akivuke ndipo bei ya nusu ianze kufanya kazi. Hoteli iliyopoteza wageni mwaka huu inaweza kuhamisha kila kitu usiku na isipate kitu, kwa sababu jumla yake iko chini ya msingi. Omba namba hiyo kwa maandishi, kisha uilinganishe na usomaji wako. Mabishano ya mdomo dirishani hayajawahi kunisaidia.

Ikiwa mstari upo na una yuniti, lakini nafuu ni ndogo kuliko ulivyotarajia, kumbuka kinachokatwa nusu ni bei ya msingi ya nishati pekee. Gharama ya mafuta na nyinginezo zinazotozwa kwa kila yuniti hubaki kamili. Kwa mfano tu, bei ya msingi ikiwa Sh 16, yuniti 24 za yale matangi huokoa 24 mara 8, yaani Sh 192 kwa siku, si nusu ya kila kitu kilichoandikwa chini ya bili.

Kisha tazama mstari wa kVA. Mteja wa CI hulipia pia kilele cha mvuto wake mwezini. Ukipanga matangi mawili, mashine za kufua na rola vyote viwake kwa pamoja dakika ileile ya saa nne usiku, unaweza kujitengenezea kilele kipya kikubwa kuliko cha mchana. Achanisha: tangi la kwanza saa saba, la pili saa tisa, mashine saa kumi. Saa za nafuu ni nane, hakuna haraka.

Dalili: Saa ya mita na ya simu hazilingani

Soma 0.9.1 ukiwa na simu mkononi. Tofauti ya dakika mbili tatu haina neno. Tofauti ya saa nzima au zaidi inamaanisha saa yako moja ya nafuu inatozwa bei kamili na nyingine ya bei kamili inapata nafuu, na tarehe ikiwa imekosea, Jumapili yako inaweza kuhesabiwa kama Jumatatu. Huwezi kuirekebisha mwenyewe, na mita ina lakiri isiyopaswa kuguswa. Piga picha ya kioo na ya simu zikiwa pamoja, andika namba ya mita, na uipeleke kama malalamiko yenye namba ya kumbukumbu. Wakati unasubiri, panga taima zako kwa saa ya mita, si kwa saa ya ukutani.